Barua kabla ya damu

Hotuba ya mzazi kwenye kikao cha wazazi wa darasa la nne na la tano, shule ya msingi mjini Tanga, Siku ya Hedhi Salama, 28 Mei

Mwenyekiti wa kamati ya shule, mwalimu mkuu, walimu, wazazi wenzangu: asalaam aleikum, na kwa wenzetu, Bwana asifiwe. Mwalimu wa malezi aliponiomba nije kusema hapa, alidhani nitakuja na yale mabango ya zahanati yenye picha ya mji wa mimba na mishale. Mabango nimeyaacha kazini. Nimekuja na karatasi tatu za daftari la mistari. Ni barua niliyomwandikia binti yangu mwezi wa pili. Mwenyewe amenipa ruhusa niwasomee, isipokuwa mstari mmoja alionikataza. Nikiufikia nitauruka.

Nianze kwa kukiri. Mimi ni muuguzi, na huu ni mwaka wa 14. Watoto wa watu nimewaeleza habari za hedhi madarasani, chini ya miembe, kwenye benchi la kliniki, bila kupepesa jicho. Wangu alipofika miaka kumi, siku moja ameshikwa na homa, nikawa namkanda kwa kitambaa cha maji, nikaona kijiwe chini ya chuchu ya kushoto, kidogo kama punje ya kunde. Usiku ule nikakaa ukingoni mwa kitanda chake nikitaka kusema. Nikamuuliza kama amemaliza hesabu. Usiku wa pili nikakaa tena. Nikamuuliza kama viatu vinambana.

Mnacheka, lakini mnajua nilichokuwa nacho kooni. Kwetu Pwani mama hasemi na bintiye mambo haya. Kuna nyanya, kuna shangazi, kuna somo. Mtoto akivunja ungo anamwambia shangazi, shangazi anamwita somo, na somo ndiye anayemkalisha mwali na kumfunza. Mama anajua yote na anajifanya hajui. Simlaumu somo hata kidogo. Wangu alinifunza usafi ninaoufuata mpaka leo. Ila tazameni mpangilio wake: kwanza damu, ndipo mafunzo. Somo haitwi mpaka mtoto ameshaona. Saa ile ya kwanza, yuko peke yake.

Mimi nilikuwa darasa la sita, kijijini, upande wa Pangani. Sikuona damu, niliona uchafu wa kahawia kwenye chupi, kama masimbi ya kahawa. Nikadhani nimejichafua bila kujijua, mtoto mkubwa kama mimi. Nikaifua gizani, nikaitundika nyuma ya pipa la maji. Kesho yake tena. Siku ya tatu ikaja nyekundu, na hapo nikajua, au nilidhani nimejua: kichocho. Maana tulikuwa tumefundishwa darasani kwamba ukiogelea madimbwini utakojoa damu, na mimi nilikuwa nimeogelea sana. Nikakaa wiki nzima nikingoja kufa au kupelekwa hospitali, na sikujua kipi kinatisha zaidi. Damu ikakatika yenyewe. Nikamshukuru Mungu kwamba nimepona. Baada ya miezi miwili ikarudi, ndipo nikalia mbele ya nyanya.

Kwa hiyo usiku wa tatu niliacha kukaa kitandani kwa mtoto, nikachukua kalamu. Naanza kusoma.

> Mwanangu,
>
> Nimejaribu kukwambia jambo hili kwa mdomo mara mbili, nikaishia kuuliza habari za hesabu na viatu. Kwa hiyo nakuandikia. Isome polepole, ukiwa peke yako au ukiwa na mimi, upendavyo.
>
> Hicho kijiwe kinachokuuma mpira ukikugonga kifuani si jipu wala si ugonjwa. Ni titi linaanza. La kulia litafuata, labda baada ya miezi kadhaa. Mara nyingi moja hutangulia na jingine huja likifukuza.
>
> Kijiwe hicho kikishatokea, damu ya kwanza huwa bado kama miaka miwili. Wengine huwahi kidogo, wengine huchelewa. Siku yenyewe siijui, hata daktari haijui. Lakini kuna dalili nyingine ya njiani. Utaona ute kwenye chupi, mweupe au kama maji ya mchele. Usiogope, wala usijisugue na sabuni kwa ndani. Huo ni mwili unajitunza. Ute huo ukianza, mara nyingi damu iko mbele kwa miezi sita hadi mwaka mmoja. Siku utakapouona niambie, na kuanzia siku hiyo tutaanza kuweka kile kijifuko kwenye begi lako la shule.

Nisimame hapa kidogo, wazazi. Mzazi mmoja aliniambia pale getini kwamba miaka kumi ni mapema mno kusema haya, tutawafumbua macho. Mimi huwa siangalii miaka, naangalia kifua. Titi likishachipua, saa imeshaanza kwenda, ukitaka usitake. Watoto wengi wa kwetu huona damu kati ya miaka 12 na 14, lakini mwenye miaka tisa naye nimempokea, na hakuwa mgonjwa. Wa kuleta hospitali ni yule aliyechipua titi au aliyeona damu kabla hata ya kutimiza miaka minane, au aliyefika 13 kifua kikiwa bapa kabisa, au aliyefika 15 hajaona kitu. Hao tunawapima tujue kwa nini. Waliobaki ni kungoja tu, lakini wangoje wakiwa wanajua wanachokingoja.

Naendelea.

> Sasa hedhi yenyewe ni nini. Chini ya kitovu chako, ndani, kuna mfuko mdogo kama pera. Unaitwa mji wa mimba. Ndiko ulikokaa wewe tumboni mwangu. Kulia na kushoto kwake kuna vifuko viwili vya mayai, na yai lenyewe ni dogo kama ncha ya sindano. Ukishakua, karibu kila mwezi mji wa mimba hujitandika kwa ndani utando laini wenye damu, kama tunavyotandika mkeka chumba cha wageni. Mgeni ni mtoto. Asipokuja, mkeka haukai. Mwili huutoa wote, na mwezi unaofuata hutandika mpya. Huo utando unaotoka, pamoja na damu yake, ndio hedhi. Hakuna kidonda ndani. Hakuna kilichokatika.
>
> Mgeni huyo ni habari ya ukubwani, mwanangu, ukishamaliza shule na ukiwa na nyumba yako. Mwili huanza kufanya mazoezi mapema sana kabla ya kazi.
>
> Damu haitoki kwenye mkojo. Mwili wa msichana una njia tatu: ya mbele ni ya mkojo, ya nyuma ni ya haja kubwa, na katikati yake kuna njia ya uzazi. Hedhi hupita hapo katikati. Ndiyo maana huwezi kuibana kama unavyobana mkojo. Itatoka ukiwa umekaa, umelala, au unaruka kamba.
>
> Huenda ya kwanza isifanane na damu. Inaweza kuwa kahawia kama chai ya rangi iliyolala, au tone moja tu, halafu basi mpaka kesho. Mimi nilidhani nimejichafua. Wewe ukiona hivyo, ujue si uchafu. Ni damu iliyotoka polepole ikapoteza wekundu wake njiani.

Wazazi wa Pangani, Muheza na kokote kwenye mito, mpeni mtoto alama ya kutofautisha, kwa sababu kichocho kipo kweli na kinatibika. Damu ya kichocho huja na mkojo, mara nyingi mwishoni mwa mkojo, na baada ya hapo chupi hubaki safi. Damu ya hedhi huja hata kama mtoto hajaenda msalani, na huacha alama kwenye chupi. Kama hajui ni ipi, ajipanguse kwa kitambaa safi kabla ya kukojoa. Kitambaa kikitoka na damu, basi hata mkojo haujahusika. Laiti ningeambiwa maneno hayo machache nikiwa darasa la sita.

Kuna jambo ambalo kwenye barua nimeliandika kwa mstari mmoja tu, lakini nataka mlione kwa macho. Hapa mezani kuna pedi, kijiko cha mezani na juisi ya choya. Watoto huamini damu yote ya mwilini itakwisha. Sasa tazameni: kijiko kimoja. Kijiko cha pili. Naongeza cha tatu. Vijiko hivi vitatu ni kama mililita 45, hazijai kikombe kimoja cha chai, na hiyo ndiyo damu ya hedhi nzima ya mtu wa kawaida, siku tatu, nne, tano zote pamoja. Si ya siku moja. Nyingi huja siku mbili za kwanza. Wapo wanaotoa zaidi, hata kufikia vijiko vitano, na bado wazima. Lakini ikimwagika kwenye shuka jeupe, mwone ilivyotapakaa. Ndiyo maana inatisha.

Nitawaambia pia nzito inavyokuwa, kwa sababu wazazi huniletea mtoto ameshakuwa mweupe viganjani. Pedi ikilowa chapachapa ndani ya saa moja au mbili, na inayofuata hivyohivyo, usingoje. Damu ikipita siku saba, mlete. Mtoto akiona kizunguzungu akisimama, au anahema kupanda ngazi mbili, mlete leo, si Jumatatu. Huku kwetu kwenye malaria wengi wana damu kidogo tangu mwanzo, na hedhi nzito inachota kwenye mtungi ambao haukujaa.

Barua:

> Fungua droo ya chini ya kabati langu. Kuna mfuko wa kitambaa cha maua. Ndani utakuta pedi tatu za kushonwa, za flaneli ya buluu, na paketi moja ya pedi za dukani. Zitoe. Zichezee. Nataka uzijue kabla hazijakuwa za lazima.
>
> Ya dukani ina upande wenye karatasi inayobanduka. Ukibandua utaona gundi. Gundi inaelekea kwenye chupi, siyo kwenye mwili. Usicheke, wapo wengi waliokosea siku ya kwanza wakaumia. Bandika katikati ya chupi, pale panapokaa katikati ya miguu, halafu kunja mbawa zake mbili zishike chupi kwa chini. Ukilala, isogeze nyuma kidogo, maana damu hufuata mteremko.
>
> Ya kushonwa haina gundi. Ina mbawa zenye kifungo cha kubana. Ivae na ile chupi inayokubana vizuri. Chupi iliyolegea huiacha pedi ikasafiri, na ikishasafiri haina kazi.
>
> Badilisha kila baada ya saa nne hadi sita, hata kama damu ni kidogo. Ikikaa sana hunuka, na ngozi huchubuka. Siku ya shule hesabu hivi: umevaa nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, badilisha mapumziko ya saa nne, ukifika nyumbani saa tisa badilisha tena. Nawa mikono kabla na baada. Kujitawadha ni kwa maji matupu, kutoka mbele kwenda nyuma, na nje tu.
>
> Pedi ya dukani iliyotumika ikunje kwa ndani, ifunge kwa karatasi, uitie kwenye ndoo yenye mfuniko. Usiitupe kwenye choo cha kumwaga maji, itaziba. Ya kushonwa loweka kwenye maji baridi. Maji ya moto hupika damu ikashika kwenye kitambaa, doa lisitoke tena. Kisha fua kwa sabuni, suuza mpaka maji yawe meupe, anika juani.

Hilo la jua nalisema kwa sauti. Nikiwa mwali, vitambaa vyangu nilivianika chini ya godoro, kwa sababu niliambiwa mwanamume asivione. Havikukauka, vilivunda. Niliwashwa miezi mpaka nikadhani ndiyo hali ya mwanamke. Kitambaa kibichi huota ukungu, na ukungu huo hauoni haya. Kama mnataka stara, anikeni kwenye kamba na juu yake mtandaze kanga nyepesi. Jua hupita, macho hayapiti. Mvua za masika zikigoma kukatika, pigeni pasi pande zote mbili mpaka kitambaa kiwe kikavu kabisa.

Mtaniuliza kwa nini nimempa vyote viwili. Kwa sababu ya fedha, basi. Mnakumbuka mwaka 2018 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, na mwaka uliofuata ikairudisha, kwa maelezo kwamba bei dukani haikushuka. Sisi wanunuzi tulibaki palepale. Kwangu mimi ya dukani ni ya shule, siku ambayo hana pa kufulia. Ya kushonwa ni ya nyumbani na usiku. Kushona si kazi kubwa: urefu wa sentimita 25 hivi, juu flaneli au pamba laini iliyokwisha kufuliwa, ndani tabaka tatu za taulo kuukuu, mbawa mbili, kifungo kimoja. Kanga kuukuu inafaa. Nguo ya nailoni haifai kugusa ngozi, haifyonzi, inatiririsha tu.

> Kile kijifuko cha begi kina haya: pedi mbili, chupi moja nyeusi, kipande cha sabuni, na kitambaa cha kujifutia. Pia kuna kijifuko kingine kidogo ndani yake, kimeshonwa kwa kitambaa cha ule mwavuli wetu uliovunjika. Hakipitishi maji. Ni cha chupi iliyochafuka.
>
> Ikija darasani, nyanyua mkono, mwambie mwalimu: “Naomba ruhusa ya kwenda msalani, ni muhimu.” Huna haja ya kueleza zaidi mbele ya darasa. Chukua kijifuko. Kama sketi imepata doa, funga sweta kiunoni. Kisha nenda kwa mwalimu wa malezi, na kwake sema neno lenyewe: “Nimeanza hedhi.” Tumeshaongea naye, anajua. Atanipigia simu. Kama hukubeba kijifuko, kunja kitambaa chochote safi mara nne ukiweke kwenye chupi. Kitakufikisha nyumbani.

Mfuko wa plastiki ulipigwa marufuku tangu Juni 2019, ndiyo maana ya mwavuli. Nailoni niliyoikataa kwenye pedi, kwa kijifuko inafaa sana. Tulifanya na jaribio, nyumbani, Jumamosi asubuhi. Nilimwambia: sasa hivi imekuja, uko darasani, fanya. Alitoka mbio akasahau kijifuko. Mara ya pili alikibeba lakini pedi aliibandika juu ya ile sehemu ya mpira wa kiuno. Mara ya tatu alitumia dakika nne na akarudi kukaa. Mwalimu mkuu, katika jaribio hilo nyumbani kwangu choo kilikuwa na kitasa na ndoo ya maji. Hapa shuleni mlango wa pili wa choo cha wasichana unafungwa kwa jiwe. Naomba jambo hilo liandikwe kwenye muhtasari.

> Tumbo linaweza kuuma chini ya kitovu, au mgongo. Nitakutilia maji ya moto kwenye chupa, niizungushie kanga, uiweke tumboni. Ikizidi nitakupa dawa ya maumivu mimi mwenyewe. Usipewe na rafiki. Unaweza kuoga, kupika, kutia chumvi kwenye mchuzi na kucheza netiboli. Bibi akikukataza kupita kwenye mchicha wake, zunguka kwa heshima, lakini mchicha haukauki kwa ajili yako.
>
> Usishangae isiporudi mwezi unaofuata. Mwili unajifunza, na mwanafunzi hukosea hesabu.

Hapo kwenye barua nimemchorea kalenda, nawaelezea kwa mdomo. Hesabu huanza siku ya kwanza ya damu mpaka siku ya kwanza ya damu inayofuata. Wengi huhesabu tangu ilipokatika, wakapotea. Tuseme mtoto ameona damu tarehe 3 Machi, kisha 7 Aprili: siku 35. Kisha 18 Mei: siku 41. Kisha 12 Juni: siku 25. Mama ataniletea akilia kwamba mtoto ana matatizo, na wengine, Mungu atusamehe, wataanza kumtuhumu mtoto ule mwezi uliochelewa. Hesabu hiyo ni ya kawaida kabisa. Miaka miwili ya mwanzo, kati ya siku 21 na 45 tunaiita sawa, na hata ikiruka mwezi mara mojamoja mwaka ule wa kwanza si ajabu, kwa sababu yai halipevuki kila mwezi. Ikipita miezi mitatu kamili kimya baada ya kuwa imeanza, hapo njooni tuangalie. Na ile 28 ya leo, tarehe ya siku hii, imechaguliwa kwa sababu ya wastani wa watu wazima. Msimpimie mtoto wa miaka 12.

Kuhusu maumivu, niseme jambo linalowachanganya wazazi. Miezi ya mwanzo mara nyingi hayana nguvu, kwa sababu hiyohiyo ya yai. Huzidi baada ya mwaka au zaidi, mzunguko ukishakaa sawa. Mzazi husema, “Mbona mwaka jana hakuwa hivi, anadeka.” Hadeki. Akikosa shule kila mwezi, au akitapika, au dawa ya kawaida haifui dafu, mleteni. Kuzoea maumivu ya kumlaza chini si sehemu ya unyago.

Nimalizie barua.

> Siku hizo huswali wala hufungi. Damu ikikatika utakoga josho, mwili mzima na nywele, nitakuonyesha nia na namna. Siku za Ramadhani ulizokula utazilipa baadaye. Sala hazilipwi. Na kuanzia damu ya kwanza sala inakuwa faradhi juu yako, kwa hiyo ule ujanja wako wa alfajiri utakuwa umekwisha.
>
> Watu wakijua, watakwambia umekuwa mtu mzima. Wewe ni mtoto wa miaka kumi, au kumi na mbili, au yoyote utakayokuwa nayo, na utaendelea kuwa mtoto wangu. Mtu yeyote akisema umekua kwa hiyo anaweza kukushika au kukuona mwili, huyo amekosea, si wewe. Njoo uniambie, hata kama ni mtu tunayemwamkia shikamoo.

Hapa ndipo ulipo mstari niliokatazwa. Nauruka.

> Shangazi yako wa Makorora atakuja kukufunza mengine wakati wake, nimemwomba. Na kama una swali ambalo huwezi kuniuliza usoni, geuza karatasi hii, uandike nyuma, uirudishe chini ya mto wangu.
>
> Mama.

Aliirudisha baada ya siku mbili. Nyuma ameandika maswali matatu kwa penseli. La kwanza: je, ikitoka inauma? Nikamjibu kwa maandishi kwamba kutoka hakuumi, ni kama jasho kuteremka mgongoni, kinachouma ni tumbo. La pili: je, ninaweza kwenda Raskazone kuogelea? Nikamwambia siku hizo tutakaa mchangani, kwa sababu pedi ikiingia majini inavimba na kuwa nzito na haizuii kitu.

La tatu ndilo lililonifanya nije nimesimama hapa. Aliandika: “Mama, nani ameshona hizi pedi? Mshono wako huwa unakwenda upogo.”

Nikamwambia akamuulize baba yake. Mwenzangu ni fundi cherehani, wengi mnamjua, yule pale amekaa nyuma karibu na mlango na sasa anaangalia dari. Mtoto akaenda barazani akiwa na pedi moja mkononi, akasimama mbele ya cherehani bila kusema. Baba yake naye hakusema kitu mpaka alipomaliza mstari aliokuwa akishona. Kisha akaichukua, akakibana na kukibanua kile kifungo mara mbili, akamuuliza kama kinamkaza, na kama hizo nyingine tatu anazokata anataka vifungo vya buluu au vyeupe. Akachagua vyeupe.